Madoa Meupe Kando ya Vyumba vya Maji: Kumjibu Binti Aliyeuliza Kama Ubongo Wake Umetoboka

(Hii ni hotuba kuhusu ugonjwa wa MS, yaani multiple sclerosis, niliyoitoa Jumamosi jijini Dar es Salaam mbele ya wagonjwa wa neva na jamaa zao. Naiweka nzima kwa ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha, nimejaribu kuzieleza kwa maneno.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuja, na poleni na joto, maana naona feni moja imegoma.

Mimi ni daktari wa radiolojia. Kazi yangu ni kukaa kwenye chumba chenye giza na kusoma picha za watu ambao mara nyingi hata sura zao sizijui. Miaka mingi nimeandika ripoti, nikaweka saini, nikaendelea na picha inayofuata. Sikuwahi kujiuliza: huyu mtu akifika nyumbani na bahasha hii, anaisomaje?

Mwaka jana nilipata jibu. Binti wa miaka 24, fundi cherehani, aligonga mlango wa chumba changu ameshika sidii ya picha zake. Amenipa ruhusa nisimulie, jina tu ndilo nisilitaje. Alisema, "Shikamoo dokta. Nimeangalia picha zangu kwenye kompyuta ya kaka. Ubongo wangu umetoboka katikati, na pembeni ya matundu kuna madoa meupe. Nimebakiza muda gani?"

Nikamwambia, kaa hapa mwanangu, tuziangalie pamoja. Na ninyi leo kaeni nasi tuziangalie.

Kwanza, lililomfikisha kwenye mashine. Asubuhi moja alikuwa akipanga nyuzi zake akaona uzi mwekundu umepauka, kama uliokaa juani. Akafumba jicho la kulia, nyekundu ikarudi. Akafumba la kushoto, nyekundu ikapauka tena. Akilizungusha jicho la kulia lilimuuma kwa ndani. Baada ya siku nne maandishi ya gazeti yalikuwa ukungu. Duka la miwani likampimia miwani, miwani haikusaidia. Nataka mlishike hili: jicho la kijana likififia kwa siku chache, likauma likigeuzwa, na rangi nyekundu ikapauka, tatizo huenda haliko kwenye jicho lenyewe bali kwenye mshipa wa neva unaotoka jichoni kwenda ubongoni. Mshipa huo ulikuwa umevimba. Daktari wa macho aliyemwona baadaye alilitambua hilo siku hiyo hiyo, akamtuma apigwe MRI ya kichwa.

Basi tufungue picha. Yale matundu mawili meusi katikati, yanayofanana na mabawa ya kipepeo, aliyoyaona binti akadhani ubongo umetoboka, ni nini? Ndugu zangu, ninyi nyote mnayo. Mimi ninayo. Ni vyumba vya maji ya ubongo. Ubongo hutengeneza maji yake, masafi kama ya chemchemi. Kwa mtu mzima, maji yote yaliyo ndani ya ubongo na kuuzunguka, pamoja na ya uti wa mgongo, ni kama mililita 150, kikombe kimoja cha chai. Vyumba hivyo ndimo maji hayo yanamozalishwa. Kwa hiyo lililomtisha zaidi lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Hakuna aliyemwambia. Ripoti yangu, naungama, haikumwambia.

Tubaki na madoa meupe. Yalikuwepo kweli. Nilihesabu 11.

Je, weupe wa doa ni weupe wa nini? Ni usaha? Ni uvimbe wa saratani? Ni tundu? Hapana. Kwenye picha hii, weupe ni maji. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa, haina mionzi ya eksirei. Inachosikiliza ni chembe ndogo za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili, na sisi tunaipangia isikilize vipi. Mpangilio mmoja huitwa T2, nao hufanya maji yang'ae.

Sasa, ubongo mzima una nyaya nyingi mno, na nyaya hizo zimefungwa kwa utando wa mafuta unaoitwa mailini. Chembe moja ya ubongo hunyoosha mikono yake na kuizungushia nyaya nyingi jirani utando huo, tabaka juu ya tabaka, kama mzee anavyozungusha kilemba. Mafuta hayo yamebanana, hayaachi nafasi ya maji mengi. Kwenye ugonjwa wa MS, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na wadudu wa maradhi hushambulia kilemba hicho. Kikivuliwa, mahali pake panaingia maji. Pale palipokuwa na mafuta yaliyobanana sasa pana unyevu, nasi tunaona doa jeupe.

Mmewahi kukaa kwenye nyumba ambayo bomba limepita ndani ya ukuta? Bomba likivuja, unaona nini? Huoni tundu, unaona doa la unyevu kwenye lipu. Ukuta bado umesimama, ila pale pamelowa. Mwanangu, nikamwambia, picha yako ni ya lipu iliyolowa. Akauliza, "Sasa nyaya?" Swali zuri, na sikutaka kumdanganya. Nyaya nyingi hubaki, na kilemba huweza kuzungushwa tena, ingawa huwa chembamba kuliko cha mwanzo. Nyingine hukatika. Doa ambalo limepoteza nyaya nyingi huonekana jeusi kwenye mpangilio mwingine wa picha unaoitwa T1, likabaki jeusi miezi na miezi. Kati ya madoa yake 11, mawili yalikuwa hivyo. Nilimwonyesha yote mawili.

Hapo kuna mtego wa kazi yetu. Kama T2 hung'arisha maji, basi vyumba vya maji navyo vinang'aa, si ndiyo? Na doa lililogusa ukuta wa chumba utalionaje? Ni kutafuta yai jeupe juu ya shuka jeupe. Kwa miaka ya mwanzo ya MRI tulikuwa tunayakosa madoa hayo. Mnamo miaka ya 1990 ukaja mpangilio unaoitwa FLAIR. Mashine hutoa pigo la kwanza, kisha hungoja kama sekunde mbili na kitu, hadi wakati ambao maji huru ya vyumbani yamenyamaza kabisa, ndipo inasikiliza. Maji yaliyonaswa ndani ya nyama ya ubongo hayanyamazi wakati huo huo, yana mwendo wake. Matokeo yake vyumba vinakuwa vyeusi na madoa yanabaki meupe. Ndiyo maana binti aliona matundu meusi! Ni sisi tuliozima taa za vyumba ili tuone unyevu wa ukutani.

Tunaendelea. Kwa nini kando ya vyumba vya maji? Kati ya madoa yake 11, sita yalikuwa yamegusa kuta za vyumba hivyo. Ni bahati tu? Au maji yenyewe ndiyo yanayovuja na kulowesha ubongo?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, daktari Jean-Martin Charcot alieleza mabaka aliyoyakuta kwenye ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliofariki, mabaka yaliyokuwa magumu kuliko nyama ya pembeni. Jina la ugonjwa limetoka huko: makovu mengi magumu. Mwaka 1916, James Dawson wa Edinburgh alichukua vipande vyembamba vya ubongo, akavipaka rangi na kuviweka chini ya hadubini. Akaona jambo. Mabaka yalikuwa yamefuata mishipa ya vena. Sehemu nyeupe ya ubongo ina vena nyembamba zinazokusanya damu na kuishusha kuelekea kwenye kuta za vyumba vya maji, nazo huufikia ukuta zikiwa wima, kama misumari iliyogongwa ubaoni. Chembe za kinga hutoka kwenye damu kupitia mishipa hiyo midogo, na shambulio huanzia kuizunguka.

Kwa hiyo mhalifu si maji ya chumbani. Doa limefuata bomba. Mabomba mengi yanamiminika ukutani pa chumba, ndiyo maana madoa yanajazana pale, na ndiyo maana umbo lake ni la yai lililorefuka, ncha moja ikielekea chumbani. Ukikata picha kwa ubavu, kuanzia paji la uso kwenda kisogoni, yanaonekana kama vidole vilivyosimama juu ya paa la chumba. Hadi leo tunaviita vidole vya Dawson. Siku hizi kuna picha maalumu inayoonyesha vena kama uzi mweusi, na kwenye doa la MS mara nyingi uzi huo unapita katikati kabisa. Alama hiyo imeingizwa hata kwenye vigezo vya kimataifa vya kuitambua MS katika marekebisho ya 2024.

Nimekaa sana hapa kwa sababu umbo na mahali ndivyo vinavyotuokoa na makosa. Na makosa yapo. Ngoja niwasimulie langu.

Nikiwa kijana kazini, niliandika kwenye ripoti ya mzee wa miaka 58: madoa meupe mengi, huenda ni MS. Mzee akasafirishwa na wanawe hadi nje ya nchi, ng'ombe wakauzwa. Alikutwa na nini? Shinikizo la damu la miaka mingi ambalo halikuwa linatibiwa. Mishipa midogo ikikosa damu nayo huacha madoa meupe! Ningetulia ningeona. Madoa yake yalitawanyika ndani ndani kama punje za mtama, mengi hayakugusa ukuta wa chumba, na ule mkanda mnene wa nyaya unaounganisha nusu mbili za ubongo ulikuwa safi. MS hupenda sana mkanda ule, shinikizo huuacha. Zaidi ya hayo, hata mtu mwenye afya huwa na weupe mwembamba kama kofia kwenye ncha za vyumba vya maji. Weupe huo hauna maana yoyote. Mwenye kipandauso naye huwa na vinukta. Kwa hiyo kijana, ukisoma ripoti inasema "madoa meupe", usikimbilie kujipa jina la ugonjwa. Na dokta mwenzangu, usimpe.

Na huku kwetu kuna jambo la ziada. Kabla ya kutaja MS ni lazima tuulize kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na vijidudu vinavyofuatana navyo, kaswende, upungufu wa vitamini B12. Kuna pia ugonjwa wa jirani unaovamia macho na uti wa mgongo, unaoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu, ambao kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004 na hupimwa kwa damu. Kuutenganisha si ubishi wa wasomi, kwa maana baadhi ya dawa za MS huuchochea. Binti alipimwa vyote hivyo. Vyote vikarudi safi.

Basi tulifikaje kwenye jina la MS? Vigezo tunavyotumia vimeitwa kwa jina la Profesa Ian McDonald tangu 2001, na vimerekebishwa mara kadhaa. Kiini chake ni maswali mawili. Je, ugonjwa umetawanyika mahali mbalimbali? Je, umetokea kwa nyakati mbalimbali? Mahali: madoa sita kando ya vyumba, mawili chini ya gamba la ubongo, moja kwenye shina la ubongo, na mawili yaliyobaki kwenye sehemu nyeupe ya katikati. Hilo la kwanza likatimia. Nyakati je, na binti ndiyo kwanza ameugua mara moja?

Hapa ndipo ile sindano ya mkononi inapofanya kazi, dawa ya gadolini. Doa linapokuwa bichi, ukuta wa mshipa wake unavuja, na dawa hupenya ikaling'arisha. Uvujaji huo hudumu majuma machache, kwa kawaida mawili hadi sita, kisha hujifunga. Moja ya yale mawili ya chini ya gamba liling'aa. Kumi hayakung'aa. Mmeona? Moja bichi, kumi ya zamani, kwenye picha ya siku moja. Nyakati mbili zimeonekana kwa mkupuo.

Binti akashtuka. "Kumi ya zamani? Lakini mimi sijawahi kuumwa!" Ni kweli, hakuwahi. Madoa mengi huja na kutulia bila mwenyewe kujua. Ukimpiga picha mgonjwa kila mwezi utaona madoa mapya kadhaa kwa kila shambulio moja analolihisi. Kando ya vyumba vya maji kuna nyaya nyingi zinazoweza kusaidiana, doa la sentimita nzima laweza kukaa kimya. Lakini doa la milimita nne kwenye uti wa mgongo, ambako nyaya za miguu zimebanwa kwenye njia nyembamba, linaweza kukulaza kitandani. Kwa hiyo msilinganishe hesabu. Nimewasikia hapo nje mkiulizana: wewe una mangapi, mimi nina 30. Mwenye 30 anaweza kuwa amekuja kwa mguu na mwenye saba amekuja kwa kiti cha magurudumu. Hilo limewashangaza madaktari miaka mingi.

Je, hesabu haina maana kabisa? Nisiwapendeze kwa uongo. Nchini Marekani walifuatiliwa watu waliovimba mshipa wa jicho kama binti huyu, kwa miaka 15. Waliokuwa na picha safi siku ya kwanza, asilimia 25 walipata MS. Waliokuwa na doa moja au zaidi, asilimia 72. Madoa yanasema ugonjwa upo, na mapya yanayoongezeka yanasema haujatulia. Yasichosema ni utatembea vipi ukiwa na miaka 50.

Binti alichomwa dripu ya methilprednisoloni gramu moja kwa siku kwa siku tano. Dawa hiyo huharakisha jicho kupona, haizuii shambulio lijalo. Ya kuzuia ni nyingine. Alianzishiwa rituksimabu, dripu kila baada ya miezi sita, baada ya kupimwa homa ya ini aina B na kifua kikuu, maana dawa hiyo hushusha kinga na homa ya ini iliyolala huamka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na rituksimabu ni mojawapo. Wenye kudai bima zao zigharamie, hiyo hoja mnayo.

Mwezi wa Februari alirudi mbio. Alitembea juani kutoka Kariakoo na vitambaa kichwani, na jicho la kulia likaingia ukungu tena. "Dokta, doa jipya!" Nikamuuliza, ulipokaa kivulini ikawaje? "Baada ya nusu saa likafunguka." Joto, mwanangu. Waya uliovuliwa kilemba hupitisha ujumbe kwa shida, mwili ukipata joto hata nyuzi moja unashindwa, ukipoa unapitisha tena. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza jambo hili mwaka 1890. Shambulio halisi hudumu zaidi ya saa 24 bila homa na bila joto la kulisingizia. Na Dar hii, na feni yetu hii, mtajua wenyewe.

Hata hivyo muda wake wa picha ya marudio ulikuwa umefika, miezi sita tangu dawa. Nilimwomba aje na sidii ya kwanza, apigwe kwenye mashine ile ile, kwa mpangilio ule ule wa vipande vya milimita tatu. Kwa nini nasisitiza? Ukibadilisha mashine, doa la milimita tatu laweza kuonekana kwenye moja na kukosekana kwenye nyingine, nami nikaliita jipya, nawe ukabadilishiwa dawa bure. Wanaopoteza sidii zao, au wanaozitundika juu ya mihogo kufukuza ndege, nimewaona, msicheke!

Tukazifungua picha mbili ubavu kwa ubavu. Nikamwachia kipanya ahesabu mwenyewe. Alihesabu polepole, kama anayehesabu vifungo. Kumi na moja. Hakuna la kumi na mbili. Lile lililokuwa limeng'aa kwa gadolini halikung'aa tena, na lilikuwa limesinyaa.

"Kwa hiyo yote bado yapo," akasema.

Yapo, nikamwambia. Makovu hayafutiki kwenye T2, mengi utakaa nayo. Tunachongoja ni kama yataongezeka.

Akatoa mkobani kigurudumu cha uzi mwekundu, akafumba jicho la kushoto, akakitazama. "Bado imepauka kidogo," akasema, "lakini sasa naijua ni nyekundu." Akaniomba nimwandikie tarehe ya picha ya mwakani nyuma ya sidii. Nikaandika.